Fedha inatoka kila siku, mbona hesabu bado inalingana?

*Ndugu mhasibu, nina duka la vyakula hapa Morogoro ambalo nililianza mwezi uliopita kwa shilingi 3,000,000 zangu mwenyewe. Nimenunua friji, nimechukua mchele kwa mkopo, nimelipa kodi ya fremu na umeme, na mara mojamoja napeleka mchele nyumbani. Mdogo wangu anayesoma biashara anasema mali lazima ilingane na madeni na mtaji wakati wote. Lakini droo yangu inapungua kila ninaponunua kitu! Vinalinganaje? Na vikilingana, ndiyo kusema sijapata hasara? – Mwenye duka, Morogoro*

Kanuni anayoizungumzia mdogo wako huandikwa hivi:

Mali = Madeni + Mtaji

Upande wa kushoto ni orodha ya vitu vyote ambavyo duka linavimiliki au linavidai: fedha taslimu, bidhaa, vifaa, na hata huduma ambazo limekwisha kuzilipia lakini halijazitumia. Upande wa kulia hauorodheshi vitu vingine tofauti. Unaeleza vitu hivyohivyo ni haki ya nani. Sehemu inayodaiwa na watu wa nje, kama muuzaji wa jumla, ni madeni. Sehemu yote inayobaki ni haki yako wewe mwenye duka, nayo ndiyo inayoitwa mtaji. Kwa kuwa tunahesabu vitu vilevile mara mbili, kwanza kwa kuuliza ni nini na kisha kwa kuuliza ni vya nani, jumla mbili hizo haziwezi kutofautiana isipokuwa mwandishi wa daftari amekosea. Wafanyabiashara wa Venisi walikwisha kuutumia utaratibu huu kabla mtawa Luca Pacioli hajauchapisha mwaka 1494, na programu za hesabu za leo bado zinauendesha kwa namna ileile.

Kinachokutia wasiwasi ni kwamba unaitazama droo peke yake, ilhali fedha ya droo ni aina moja tu ya mali. Hukunipa tarakimu zote, kwa hiyo nitatumia za mfano ambazo hazipishani sana na duka la aina yako, nami nitaufuata mwezi wako ununuzi mmoja baada ya mwingine.

Siku ya kwanza duka lina fedha 3,000,000 na halina kitu kingine. Hakuna anayelidai, kwa hiyo madeni ni sifuri na mtaji ni 3,000,000. Kisha unanunua friji kwa 870,000 taslimu, na unamlipa mwenye kirikuu 30,000 ili alifikishe dukani. Wengi huandika hizo 30,000 kama matumizi ya usafiri, lakini friji lililo katika duka la muuzaji halikusaidii kupoza soda zako, na gharama ya kulifikisha mahali litakapofanya kazi ni sehemu ya gharama ya friji lenyewe. Kwa hiyo friji linaingia daftarini kwa 900,000. Fedha imeshuka hadi 2,100,000, friji limeingia kwa 900,000, na jumla ya mali imebaki 3,000,000 ileile. Mali imebadilika sura tu, na upande wa kulia haujaguswa kabisa. Hukuwa tajiri zaidi wala maskini zaidi siku ile, ingawa droo ilipungukiwa na karibu theluthi.

Mchele ni tofauti kidogo. Tuseme umechukua magunia matano ya kilo mia moja kwa muuzaji wa jumla, kila gunia 240,000, yaani 1,200,000 kwa jumla, ukalipa 400,000 papo hapo na kuahidi 800,000 zilizobaki. Hapa mali imeongezeka kweli, kwa sababu mchele wa 1,200,000 umeingia na fedha iliyotoka ni 400,000 tu. Sasa una fedha 1,700,000, friji 900,000 na mchele 1,200,000, jumla 3,800,000. Je, umetajirika kwa 800,000? La, kwa sababu kiasi hichohicho kimejitokeza upande wa kulia kama deni. Madeni 800,000 pamoja na mtaji 3,000,000 ni 3,800,000. Duka limekuwa kubwa zaidi, lakini sehemu iliyoongezeka si yako, ni ya muuzaji wa jumla mpaka umlipe. Ningekuomba ulitazame jambo hili kwa makini, maana duka lililojaa magunia hadi mlangoni humfanya mwenyewe ajione amepiga hatua, na wateja nao humwona hivyo, hata kama nusu ya magunia hayo hayajalipiwa.

Baada ya hapo unalipa kodi ya fremu, nami nachukulia kwamba mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wengi wao, kwa 100,000 kila mwezi. Shilingi 600,000 zinatoka. Mtu anayeandika daftari kwa haraka ataziandika zote kuwa ni matumizi ya mwezi huu, na mwezi wake wa kwanza utaonekana wa hasara kubwa pasipo sababu. Ukweli ni kwamba siku unayolipa hujatumia hata siku moja ya fremu. Umenunua haki ya kukaa pale miezi sita, na haki hiyo ni mali kama ilivyo mali friji, ingawa huwezi kuishika. Kwa hiyo fedha inashuka hadi 1,100,000, tunaandika mali mpya iitwayo kodi iliyolipwa kabla, 600,000, na jumla inabaki 3,800,000. Mtaji wako bado haujaguswa.

Umeme ni mfano wa ununuzi wa aina ya tatu, ule ambao hauachi kitu nyuma yake. Unanunua LUKU ya 40,000, friji na taa zinautumia, na mwisho wa mwezi hakuna cha kuonyesha. Fedha imeshuka hadi 1,060,000, mali kwa jumla imeshuka hadi 3,760,000, na upande wa kulia ni lazima upungue kwa kiasi hichohicho. Nani apunguziwe? Muuzaji wa mchele hahusiki na umeme wako. Bado anadai 800,000 zake kamili. Anayebaki ni wewe, na mtaji wako unashuka hadi 2,960,000. Gharama zote za namna hii, kama mifuko ya kufungia, vocha, ushuru na ujira wa kijana wa dukani, zinapita katika njia hiyohiyo. Kwa usahihi kamili, yuniti za umeme zilizobaki kwenye mita siku ya mwisho wa mwezi nazo ni mali ambayo haijatumika, lakini kwa kiasi kidogo kama hicho sioni haja ya kujisumbua. Kwa kodi ya miezi sita haja ipo.

Kwa hiyo unaponunua chochote, jiulize kama kile ulichokipata bado kipo na bado kina manufaa kwa duka. Kikiwapo, umebadilisha mali kwa mali, au umeongeza mali pamoja na deni, na mtaji umetulia. Kikiwa kimekwisha, mtaji ndio ulioliwa. Swali la kama ulilipa taslimu au kwa mkopo ni swali jingine kabisa, na kuyachanganya maswali haya mawili ndiko kunakowafanya watu waogope droo inayopungua na wasiogope deni linaloongezeka. Ungechukua mifuko ya kufungia kwa mkopo na kuimaliza, droo yako isingepungua hata senti, lakini mtaji wako ungekuwa umekwisha kupungua siku ile mifuko ilipotumika.

Sasa mauzo, kwa sababu bila hayo mwezi wako hautakamilika. Tuseme umeuza kilo 400 za mchele kwa 2,900 kila kilo, ukapata 1,160,000 taslimu. Mchele huo ulikugharimu 2,400 kwa kilo, yaani 960,000. Fedha inapanda hadi 2,220,000 na mchele unashuka kutoka 1,200,000 hadi 240,000. Mali imeongezeka kwa 200,000, tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka, na ongezeko hilo ni lako, kwa hiyo mtaji unapanda hadi 3,160,000. Hesabu mali: fedha 2,220,000, mchele 240,000, friji 900,000, kodi iliyolipwa kabla 600,000, jumla 3,960,000. Upande wa pili ni madeni 800,000 na mtaji 3,160,000, nayo jumla ni 3,960,000.

Mchele unaoupeleka nyumbani usiuite mauzo, wala usiuite gharama ya duka. Ukichukua kilo 10 kwa ajili ya familia, umejirudishia sehemu ya haki yako. Mchele unapungua kwa 24,000 na mtaji unapungua kwa 24,000, kwa bei uliyonunulia na si kwa bei unayouzia, kwa kuwa huwezi kujipatia faida kwa kujiuzia mwenyewe. Mchele uliobaki sasa ni 216,000 na mtaji ni 3,136,000. Andika kiasi hicho katika safu yake ya pekee ya matumizi ya mwenyewe. Ukikichanganya na gharama za duka, mwisho wa mwezi utadhani biashara haina faida, kumbe faida ipo na imeliwa mezani kwako. Na usipokiandika kabisa, utamshuku kijana wa dukani bure.

Linalofuata ni lile ninaloamini lilikutia hofu kuliko mengine yote. Muuzaji wa jumla anakuja kufuata fedha zake na unamkabidhi 500,000 mkononi. Droo imepungua kwa nusu milioni kwa siku moja na hukupata hata punje ya mchele! Lakini mchele ulikwisha kuupata ule mwanzo. Fedha imeshuka hadi 1,720,000, deni limeshuka hadi 300,000, na mtaji wako uko palepale kwenye 3,136,000. Kulipa deni si gharama. Gharama ya mchele ilihesabiwa ulipouuza, na ukiiandika tena siku ya malipo utakuwa umeihesabu mara mbili. Kama ungelipa kwa simu, makato ya kutuma ndiyo yangekuwa gharama, nayo yangetoka katika mtaji. Hali kadhalika, kama ungekopa benki, lile rejesho la kila mwezi lingegawanyika: sehemu inayopunguza mkopo haigusi mtaji, na sehemu ya riba inaugusa.

Mwisho wa mwezi kuna marekebisho mawili ambayo hayahusu fedha yoyote kutoka, na labda kwa sababu hiyo husahaulika. Mwezi mmoja wa fremu umekwisha, kwa hiyo 100,000 zinaondoka kwenye kodi iliyolipwa kabla na kupunguza mtaji, zimebaki 500,000. Friji nalo limechakaa kidogo. Ukikadiria kwamba litakuhudumia miaka mitano na kisha halitakuwa na thamani ya kuuzwa, 900,000 zikigawanywa kwa miezi 60 zinakupa uchakavu wa 15,000 kwa mwezi. Friji sasa linasomeka 885,000 daftarini. Hayo ni makadirio, si bei ya sokoni. Ukitaka kuliuza leo unaweza kupata pungufu ya hapo. Mtaji unashuka kwa 115,000 na kuwa 3,021,000, na mizania ya mwezi wako inasomeka hivi:

Mali: fedha 1,720,000 + mchele 216,000 + kodi iliyolipwa kabla 500,000 + friji 885,000 = 3,321,000

Madeni 300,000 + Mtaji 3,021,000 = 3,321,000

Droo imepungukiwa na 1,280,000 tangu ulipoanza, ilhali mtaji wako umeongezeka kwa 21,000. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na hayapingani.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la pili, na jibu lake ni hapana. Kulingana kwa pande mbili kunathibitisha tu kwamba kila jambo uliloliandika umeliandika pande zote linazogusa. Hakuthibitishi kwamba umeyaandika yote, wala kwamba vitu ulivyoviandika bado vipo. Chukua mchele. Daftari linasema zimebaki kilo 90, kwa sababu ulinunua 500, ukauza 400 na kupeleka nyumbani 10. Upime kwa mizani siku hiyo ya mwisho. Tuseme unakuta kilo 84. Kilo sita zimepotea, labda kwa kumwagika, kwa panya, kwa gunia lililokuja pungufu, au kwa mkono mwepesi wakati wa kumpimia mteja. Kabla hujapima, pande zako zililingana kwenye 3,321,000 huku hasara ya 14,400 ikiwa imejificha ndani yake. Baada ya kuirekebisha, mchele unakuwa 201,600, mtaji unakuwa 3,006,600, na pande zinalingana tena kwenye 3,306,600. Mlingano haukukuonya wakati wowote. Aliyekuonya ni mizani.

Kosa la kulisahau jambo zima ni baya zaidi, hasa kwa mwenye duka ambaye haandiki kila tukio bali mwisho wa mwezi anahesabu vitu vyake, anaondoa madeni, na kinachobaki anakiita mtaji. Kwa njia hiyo pande zitalingana daima, hata daftari likiwa limejaa uongo, kwa sababu mtaji umepatikana kwa kutoa tu. Ukisahau kwamba bado unadaiwa 300,000 za mchele, hesabu hiyo itakuonyesha mtaji wa 3,306,600, nawe utafurahia faida ambayo ni fedha ya mtu mwingine. Dalili yake ni mtaji uliopanda kuliko mauzo yako yanavyoweza kueleza. Kwa hiyo upatikane pia kwa njia ya pili: anza na 3,000,000, ongeza 200,000 za faida ya mauzo, ondoa umeme 40,000, kodi 100,000, uchakavu 15,000, mchele uliopotea 14,400 na mchele wa nyumbani 24,000. Unapata 3,006,600. Njia mbili zikitoa jibu moja, una sababu ya kuliamini daftari. Zikitofautiana, kuna jambo lililoandikwa katika njia moja na kusahauliwa katika nyingine, na kiasi cha tofauti mara nyingi kitakuonyesha ni lipi. Tofauti ya 300,000 kamili, kwa mfano, ingekupeleka moja kwa moja kwa muuzaji wako wa jumla.

Zikitokea siku ambazo pande mbili hazilingani kabisa, kosa ni la uandishi na kulitafuta si kazi kubwa. Gawanya tofauti kwa mbili kisha utafute kiasi hicho daftarini, kwa sababu kiasi kilichoongezwa mahali kilipopaswa kutolewa huzaa tofauti iliyo mara mbili yake. Usipokipata, jaribu kugawanya tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: friji la 870,000 likiandikwa 780,000 upande mmoja, tofauti ni 90,000, nayo inagawanyika kwa tisa. Si uthibitisho, kwa kuwa tofauti nyingine nyingi nazo hugawanyika kwa tisa, lakini hukupunguzia kurasa za kupekua.

Mwezi huu unaoanza, usifungue daftari kwa 3,000,000 zile za kwanza. Fungua kwa salio la kila kitu kama lilivyokuwa usiku wa siku ya mwisho: fedha 1,720,000, mchele 201,600, kodi iliyolipwa kabla 500,000, friji 885,000, deni la muuzaji 300,000 na mtaji 3,006,600. Na kabla hujanunua gunia la kwanza, lipime mbele ya aliyelileta, ili kilo zitakazopungua zitoke kwenye deni lake na si kwenye mtaji wako.